Kichwa kilichopigwa mbali ndicho kilichopenya

Mchunaji alikuwa ameshalivua bega la kushoto la yule pofu, swala mkubwa wa porini, aliponiita nimshikie tochi. Nje ya mbavu palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Nyama ilikuwa imesagika ikawa rojo jeusi, na ndani yake mna vipande vya shaba vilivyojikunja na chenga za kijivu za madini ya risasi. Hakuna hata kipande kimoja kilichovuka mbavu. Akapangusa kisu kwenye suruali, vijana wakamsaidia kumgeuza mnyama, akaanza upande wa kulia. Huko, chini ya ngozi, akapapasa kinundu kigumu. Alipokichana kikadondoka kichwa cha risasi, mdomo umechanuka, kitako kimebaki kama kilivyotoka kiwandani.

Risasi zote mbili zilitoka kwenye pakiti moja. Bunduki ilikuwa moja, .300 magnamu ya mgeni aliyekuja kuwinda, na mpigaji alikuwa yeye mwenyewe. Ya kwanza ilipigwa karibu, hatua kama thelathini, pofu dume akiwa ametokeza ubavu kwenye miombo. Ya pili ilimkuta ameshakimbia na kusimama ng'ambo ya mbuga, mita mia mbili na ushei, akiwa bado ametupa ubavu wa kushoto. Ile ya mbali ndiyo iliyovuka kifua chote, mapafu yote mawili, ikaenda kulala chini ya ngozi ya upande wa pili.

"Lakini ya karibu ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi," nikasema.

"Ndiyo maana imefia mlangoni," akajibu, akaendelea kuchuna.

Mimi ni dereva wa kambi za uwindaji, nimezunguka Rungwa na vitalu vya kusini misimu mingi. Nimesikia kila aina ya maneno kuhusu risasi yakisemwa kando ya moto. Hilo la mchunaji lilikataa kunitoka kwa wiki kadhaa.

## Nguvu ya kumwangusha

Ilibidi kwanza niondoe kitu kichwani. Wageni wengi, na baadhi ya wenyeji wao, huzungumza kama vile risasi inamsukuma mnyama chini. Kichwa kikubwa, kasi kubwa, pigo kubwa, mnyama anaanguka. Kama mambo yangekuwa hivyo, ile ya karibu ingemlaza pofu pale pale.

Hesabu inakataa. Chukua bunduki nzito kuliko ile ya mgeni, .375 Holland & Holland, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912 na ambayo hadi leo ndiyo mama wa bunduki za nyati Tanzania. Kichwa chake cha greni 300 ni kama gramu 19.4, nacho hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, kisha ugawe kwa uzito wa nyati wa kilo 700. Unapata kwamba msukumo wote ule, ukimwingia nyati bila kupotea hata kidogo, unaweza kumsogeza sentimita mbili kwa sekunde. Inzi akimtua sikioni atajitikisa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mnyama hasukumwi. Anatobolewa. Risasi ikigusa ubongo au uti wa mgongo anaanguka papo hapo. Ikipita kwenye moyo, mapafu au mishipa mikubwa, damu inashuka hadi ubongo unakosa hewa, na hilo huchukua sekunde kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi. Nyati aliyepasuliwa moyo bado anazo sekunde za kukimbia mita mia moja, na mita hizo mia moja anaweza kuzielekeza kwako.

Ukilikubali hilo, maswali yanabaki mawili tu. Tundu lina upana gani? Na limefika wapi?

## Kiganja na vidole

Piga maji ya ndoo kwa kiganja kilichofunguka, kisha chomeka vidole vilivyobanana. Mkono ni uleule na nguvu ni ileile, ila kiganja kinarusha maji na kukwama juu, vidole vinakwenda hadi kwapani. Nyama ya mnyama kwa risasi ni maji. Uzito wake kwa ujazo unakaribia sana ule wa maji, yaani karibu mara mia nane ya hewa ambayo kichwa kilikuwa kikipita sekunde moja kabla.

Kichwa laini, kile ambacho kambini tunakiita softi, kimetengenezwa kifanye mambo yote mawili. Kinaingia kikiwa vidole, kinageuka kiganja kikiwa ndani. Kwa nje ni koti la shaba, ndani ni kiini cha madini ya risasi ambacho ncha yake imeachwa wazi au imefunikwa kidogo tu. Kinapoigonga nyama, nyama haipishi kwa hiari. Mbele ya ncha hujengeka shinikizo la kutisha. Kwa kile kichwa cha mgeni, kikifika kwa mita karibu 890 kwa sekunde, ni kama kilo elfu nne kwenye kila sentimita moja ya mraba. Madini ya risasi hayavumilii hata sehemu ndogo ya mzigo huo. Yanasukumwa kurudi nyuma na kando, koti linapasuka kwa mistari, na ndani ya sentimita chache za kwanza kichwa kimeshachanua.

Sasa angalia bei ya kuchanua. Kichwa cha .300 kina kipenyo cha milimita 7.8. Kikichanua mara mbili kinafika milimita 15.6. Kipenyo kimekuwa mara mbili, lakini uso unaoisukuma nyama umekuwa mara nne. Kizuizi nacho kimekuwa mara nne, wakati uzito wa kukisukuma mbele haujaongezeka hata gramu moja. Mengine yote yakibaki sawa, kina cha kupenya kinashuka hadi robo.

Ndani ya mnyama hali huwa na nafuu kidogo kuliko hiyo robo. Mdomo uliochanuka huwa wa mviringo, si bapa, na sentimita zile za mwanzo kichwa kinakuwa bado hakijatanuka. Lakini mwelekeo ni huo, na hauna njia ya kuukwepa. Kila milimita ya upana unainunua kwa sentimita za kina.

Na hapo bado kichwa hakijapoteza kitu. Kikichanua mara mbili na pia nusu yake ikamomonyoka njiani, kizuizi ni mara nne na uzito ni nusu. Kina kinachobaki ni thuluthi moja? Hapana. Ni sehemu moja ya nane.

## Kasi inapogeuka adui

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu. Sawa, kuchanua kunapunguza kupenya. Lakini ile ya karibu ilikuwa na kasi zaidi. Kasi si ingefidia?

Nilimpelekea mwindaji bingwa mmoja swali hilo, mzee aliyeanza kazi muda mfupi baada ya serikali kuufungua tena uwindaji wa kitalii mwaka 1978. Alichukua kijiti akachora mchangani. Alisema tuanze na kichwa kisichobadilika umbo kabisa, cha shaba tupu au chenye koti la chuma, kile tunachokiita solidi. Kizuizi cha nyama kinakua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nyama inakukaba mara nne. Maana yake kasi ya ziada uliyoingia nayo ndiyo inayoliwa haraka kuliko yote. Sentimita za kwanza zinaimeza, na ukishafika katikati ya kifua unabaki na kasi isiyotofautiana sana na ya yule aliyeingia polepole.

Baadaye nilikaa nikaipiga hesabu yake vizuri. Ukichukua solidi ile ile, ukaiingiza kwa mita 600 kwa sekunde, kisha kwa mita 900, umeongeza kasi kwa nusu nzima. Kina kinaongezeka kwa chini kidogo ya robo. Unalipa baruti nyingi, teke la bunduki linakuvimbisha bega, unapata robo.

"Hiyo ni solidi," akasema mzee. "Umbo lake halibadiliki. Sasa weka softi."

Softi hubadilika umbo, na kinacholibadilisha ni kasi yenyewe. Shinikizo lile linalokifungua kichwa nalo linakua kwa mraba wa kasi. Kichwa kikifika kwa mita 890 kinabebeshwa kilo elfu nne kwa sentimita ya mraba. Baada ya mita mia mbili kimechoka, kinafika kwa mita 780 hivi, na mzigo umeshuka hadi elfu tatu na kidogo. Ni karibu robo nzima imepungua. Kwa hiyo faida ya kasi ni ndogo na hasara yake ni kubwa. Kinaingia na kasi zaidi, kinachanua zaidi, kinamomonyoka zaidi, na hesabu ya mwisho inaangukia upande wa kufupika.

Kuna kiwango cha kasi ambacho softi hufika mbali kuliko viwango vyote. Juu yake, kila unapoongeza kasi unapunguza kina.

Ndiyo maana ya karibu ilifia mlangoni.

## Au ni mfupa?

Sikulala salama, kwa sababu kulikuwa na maelezo mengine rahisi zaidi. Risasi ya kwanza ilipita kwenye bamba la bega. Ya pili iliingia nyuma ya bega, ikapita katikati ya mbavu mbili bila kuvunja chochote kikubwa. Labda kasi haikuwa na kosa. Labda ni mfupa tu.

Nilimrudia mchunaji. Watu wa aina yake ndio wanaojua habari hizi kuliko sisi wote, kwa sababu mpigaji huona mnyama akianguka na wao ndio huona kilichotokea. Akaniambia jambo ambalo tochi yangu haikuliona. Zile chenga za kijivu zilianza kabla ya mfupa. Ngozi ya bega la pofu dume ni nene, chini yake kuna nyama ya kujaa mkono, na ndani ya nyama hiyo, upande wa nje wa bamba, tayari kulikuwa na vipande vya koti. Kichwa kilikuwa kimeshafunguka chote na kuanza kuachana na kiini chake kabla ya kukutana na mfupa wowote. Mfupa ulimalizia tu. Bamba lenyewe katikati ni jembamba, na kichwa kilichobaki kizima hulitoboa bila taabu.

Vipande nilivyovihifadhi nilivipeleka mjini kwa dalali wa madini mwenye mizani ya vito. Kichwa kizima kilikuwa gramu 11.7 kwenye pakiti. Kile cha mbali kilibaki na gramu 8 na kidogo. Katika ile ya karibu, kipande kikubwa kuliko vyote hakikufika gramu 4, na koti lilikuwa peke yake, kiini hakimo. Dalali aliniuliza kama ni madini ya wapi.

Koti kuachana na kiini ndiyo ajali mbaya kuliko zote kwa softi ya kawaida. Koti jepesi linasimama palepale, na kiini laini kisicho na koti kinasambaratika. Alama zake ni rahisi kuzitambua kwenye mzoga: jeraha pana sana juujuu, nyama nyeusi nyingi, na njia inayokatika ghafla. Alama zake kabla ya mzoga, mnyama akiwa bado porini, ni mbaya zaidi. Damu nyingi nyekundu mahali alipopigwa, halafu matone, halafu hakuna kitu. Damu ya mapafu ni tofauti, ni ya waridi iliyokolea na ina povu, na haikatiki upesi. Traka, yule mfuata nyayo, akiiona ile ya kwanza hunyamaza na kuomba maji ya kunywa, maana anajua siku itakuwa ndefu.

## Tope la Kanada

Tatizo hili si la miombo peke yake. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda musi, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, huko British Columbia, Kanada. Alikuwa na .300 Holland & Holland, bunduki ya kasi kubwa kwa wakati ule. Vichwa vyake vilichanuka na kuvunjika karibu na ngozi ya dume lililokuwa limeganda tope, havikufika ndani. Ni kisa chetu kilekile, mnyama mwingine, lugha nyingine.

Nosler alirudi nyumbani na wazo ambalo kwangu ndilo la werevu kuliko yote katika suala hili. Aliacha kutafuta kichwa kitakachochanua sana na kupenya sana kwa pamoja, akakigawa kichwa kimoja vyumba viwili. Koti lake lina ukuta wa shaba unaokatiza katikati. Chumba cha mbele kina madini ya risasi laini, kinachanua, na hata kikimomonyoka chote, kimomonyoke. Chumba cha nyuma kimefungwa nyuma ya ukuta, hakichanui, kinaendelea na safari. Kufikia mwaka 1948 alikuwa akiviuza. Vinauzwa hadi leo kwa jina la Partition, na ukivichuna kwenye nyati utavitambua mara moja: kitako kirefu safi, na mbele vimbavu vifupi vya shaba vilivyokunjwa nyuma.

Waliofuata walitafuta njia nyingine. Wapo waliounganisha koti na kiini kwa joto ili visiachane. Wapo waliotupa madini ya risasi kabisa, na kutoka mwaka 1989 kampuni ya Barnes imekuwa ikitengeneza kichwa cha shaba tupu chenye tundu mbele, ambacho kinafunguka kwa petali nne na kubaki na karibu uzito wake wote.

Ukiviangalia vizuri, hakuna hata kimoja kilichoshinda ile sheria ya kiganja na vidole. Walichofanya ni kuweka kizuizi kuchanua kusipite kiasi. Petali za shaba zinakunjika hadi kwenye shina la kichwa, kisha basi. Ukuta wa Nosler unasema hapa mwisho. Kichwa kikishajua kitachanua kiasi gani, uzito wake ndio unaoamua kitakwenda wapi, na mpigaji anaweza kupanga kabla ya kuvuta trigaa. Kile cha mgeni wetu hakikuwa na mwisho wowote. Mwisho wake uliamuliwa na umbali aliosimama pofu asubuhi ile.

Gharama ipo upande wa pili pia, na wauzaji hawaitaji kwa sauti. Kichwa kigumu kilichotengenezwa kisimomonyoke kwa mita 890 kinaweza kisifunguke kabisa kikifika mbali kimechoka, hasa kwa swala mwembamba ambaye kifua chake hakina kitu cha kukifungulia. Kinapita kama msumari, tundu ni la milimita nane kuingia na nane kutoka, na mnyama anakimbia kana kwamba amekoswa.

## Solidi na kundi

Mtu atasema, basi kwa mnyama mkubwa achana na kuchanua, tumia solidi tu. Jibu la kihistoria linampa haki nusu. Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya Karamoja, eneo la Uganda alilowinda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye solidi ndefu nyembamba ya greni 173. Leo sheria isingemruhusu kubeba kitu hicho kwa tembo. Kilichombeba ni kina: kichwa kirefu chembamba kisichochanua kilifika ubongoni kwa kupita mfupa mnene wenye mapovu wa fuvu la tembo. Ubongo hauhitaji tundu pana. Na alijua ubongo uko wapi kutoka kila upande, jambo ambalo wageni wengi wa siku saba hawalijui.

Kwa nyati anayepigwa kifuani hali ni nyingine. Solidi ya .375 inaacha njia ya chini ya sentimita moja kwenye mapafu, na ngozi nene ya nyati inajifunga juu ya tundu. Damu inamwagikia ndani, traka hana cha kufuata, na mnyama anazo dakika badala ya sekunde. Halafu kuna wale wa nyuma. Nyati dume akiwa ndani ya kundi, solidi inayompiga ubavuni inatoka na nguvu ya kutosha kumjeruhi jike aliyesimama kando yake, ambaye hayumo kwenye kibali. Nimeona watu wakikaa saa nzima na darubini wakisubiri dume mmoja ajitenge hatua mbili.

Hata solidi zenyewe hazifanani. Zile za zamani zenye pua ya mviringo zilikuwa na tabia ya kukata kona ndani ya mnyama, hasa zikigonga mfupa kwa mshazari. Za siku hizi pua yake imekatwa bapa. Ubapa ule unatupa nyama kando na kuacha uwazi unaokizunguka kichwa, kwa hiyo ubavu wake hauguswi na hakipinduki. Njia inanyooka. Ubapa unaongeza kizuizi kidogo, na hakuna anayelalamika.

## Pembe anayokupa nyati

Baada ya yote hayo niliona swali la "risasi gani ni bora" halina jibu mpaka uulize mnyama amesimamaje.

Mchukue nyati dume wa kilo 700. Akitupa ubavu, njia ya kwenda kwenye mapafu ni fupi. Ngozi, nyama kidogo, mbavu pana zilizokaribiana, na umeshaingia. Kuvuka kifua chote ni kama nusu mita, zaidi kidogo. Softi nzuri ya .375, iliyochanua hadi milimita 16 au 18 na kubaki na uzito wake mwingi, inaufikia upande wa pili na mara nyingi inakwama chini ya ngozi ya huko. Hiyo ndiyo risasi ya kwanza, na sababu ya kuipenda ni tundu pana katika mahali palipojaa damu.

Sasa ameshapigwa, amegeuka, anakimbia kuingia vichakani, anakupa matako. Moyo uko palepale ulipokuwa, ila sasa uko mwisho wa zaidi ya mita moja ya mnyama. Na njiani kuna tumbo. Tumbo la nyati ni gunia la nyasi mbichi zilizotafunwa, zimelowa, zimebanana, na hakuna kitu ndani ya mnyama kinachokaba kichwa kilichochanuka kama hizo nyasi. Softi ya bei ghali inakufa humo. Wachunaji huzipata zikiwa zimepakwa kijani, zimechanuka vizuri kama kwenye tangazo, na hazijafanya kazi yoyote. Solidi ya pua bapa ndiyo yenye nafasi ya kupita matako, nyasi, kiwambo, hadi kwenye mapafu.

Kwa sababu hiyo mpango wa zamani wa bunduki za nyati ulikuwa softi chemba ya kwanza, na solidi chini yake kwenye magazini. Wenye bunduki za mitutu miwili waliweka softi mtutu mmoja na solidi mwingine. Ukiutazama sasa unaona haukuwa uchoyo wala mazoea. Risasi ya kwanza unaichagulia pembe wewe. Za baadaye anakuchagulia nyati.

Lakini mpango huo nao unapingwa. Yule mzee mwindaji bingwa siku hizi hujaza softi za shaba tupu mbili za mwanzo, solidi huanzia ya tatu. Anasema vichwa vya sasa vinapenya vya kutosha, kwamba nyati wengi husimama baada ya pigo la kwanza na kutoa ubavu mwingine, na kwamba solidi kwenye kundi lililochanganyikana ni kesi ya kujibu ofisini. Traka wetu hakubaliani naye hata kidogo. Yeye ndiye anayeingia mbele kwenye kichaka, hana bunduki, ana fimbo tu. Nilipomwuliza alinitazama kwanza kama aliyeulizwa swali la mtoto.

"Mwanangu, mimi namwona wakati anaondoka," akasema. "Sijawahi kumwona aliyejeruhiwa akanisubiri ubavu."

Juzi walipambana tena kuhusu hilo mbele ya gari langu wakati tunapakia. Mgeni mpya alikuwa na pakiti mbili mkononi akisubiri aambiwe ajaze ipi kwanza. Mzee alitaka kujua nyati wa eneo lile wako kundini au ni wazee waliojitenga. Traka alisema nyayo za asubuhi ni za madume matatu tu, yamejitenga, na majani pale mtoni ni marefu kupita kiuno. Mzee akafikiri kidogo, akazitoa zile softi mbili za juu kwenye bunduki yake, akasukuma solidi, na juu yake akarudisha softi moja.